Hadithi inayosimuliwa na wimbo unaobadilika

"Naandika hadithi fupi ya msichana wa kijijini anayetunga wimbo wake wa kwanza usiku. Nataka mashairi yanayobadilika ndiyo yasimulie, lakini yanakaa kama mapambo tu. Nifanyeje?"

Ndugu, nami niliwahi kuandika hadithi ya namna hiyo, nikaiweka Bwera, huku kwetu Kasese, Uganda. Kilichonisaidia ni kuhakikisha kwamba kila mstari unaofutwa una sababu yake ndani ya usiku uleule. Masika, binti wa kwanza kama jina lake la Kikonzo linavyoonyesha, amebaki na wadogo zake, kwa kuwa mama amevuka mpaka wa Mpondwe kwenda kuuza ndizi Kasindi, upande wa Kongo. Anaanza kwa kuiga redio:

*Ewe mpenzi wa moyo, nakupenda kama nyota.*

Mizani inatimia, nane kwa nane, ila mpenzi mwenyewe hayupo, naye analijua hilo. Anaufuta, anaandika anachokijua:

*Mama yangu yu sokoni, Kasindi auza ndizi.*

Kisha mvua inanyesha milimani, na mto Lubiriha, ambao ndio mpaka wenyewe, unaanza kuvuma. Sikuandika popote kwamba Masika aliogopa, kwa sababu mstari uliofuata ulitosha:

*Mama hajarudi bado, mto umejaa maji.*

Hapo ndipo waandishi wengi huharibu, kwa kuweka aya ya kueleza hisia chini ya mstari ambao umekwisha kuzieleza. Mimi niliweka kazi ya mikono tu: wadogo wamelala, hawezi kupaza sauti, kwa hiyo anapima mapigo kwa ukucha juu ya dumu tupu la maji. Anajaribu "Mlango nimeuacha wazi", lakini mizani ni kumi na ukucha unabaki nyuma ya maneno. Analiondoa "wazi", mizani inatimia lakini maana inapotea, mpaka anaugeuza usemi wenyewe:

*Mlango sikuufunga, ukija mama sukuma.*

Ukiitazama mistari hiyo kwa mfuatano, utaona kwamba mwanzoni anamwambia mtu asiyekuwepo, kisha anasimulia habari za mama kana kwamba anamjibu jirani, na mwishoni anasema na mama mwenyewe. Mabadiliko hayo ya anayeambiwa ndiyo kisa kizima, na kanuni ya mizani imemsukuma kuyafikia, kwani kama "wazi" lingekaa vizuri, asingetafuta neno jingine.

Rasimu mbovu ziache zionekane kwenye ukurasa, tena ziwe mbovu kweli; ukimpa mtunzi wa mara ya kwanza ubeti safi tangu mwanzo, msomaji hatamsadiki. Wimbo mzima usiuandike mwishoni (mhariri mmoja aliniomba hivyo, nikakataa), na kama mama alirudi au hakurudi, hilo waweza kuliacha, kwa kuwa hadithi yako ni ya utunzi na utunzi umekwisha kwenye mstari ule wa mlango.