Friji ya shilingi 48,000: kufuta oda ya mteja pale bei ilipokosewa

Mkianza kazi kwenye duka linalouza mtandaoni, siku mtakayoamka mkute oda zimemiminika, msishangilie kabla ya kutazama bei. Mimi nilishangilia. Duka letu la vifaa vya nyumbani liko Kariakoo, na friji ndogo ya mlango mmoja tulikuwa tukiuza mbili kwa wiki, basi. Asubuhi ile zilikuwepo oda 12, moja ikiwa ya friji nne kwa mpigo. Usiku wake mwenzetu alikuwa anapandisha bei mpya, sifuri moja ikadondoka. Friji ya 480,000 ikasomeka 48,000.

Kitu cha kwanza si kumpigia mteja. Zuia kwanza wengine wasiingie. Rekebisha bei, kisha fungua ukurasa ule kwenye simu ambayo haijaingia kwenye akaunti ya duka, maana tovuti nyingi huhifadhi nakala ya ukurasa, na wewe unaweza kuona bei mpya huku wateja wakiendelea kuona ya zamani. Kwetu oda mbili zaidi ziliingia baada ya mimi kuamini nimemaliza, zikafika 14. Piga picha ya skrini yenye bei ile mbovu, halafu andika orodha: jina, namba ya simu, saa ya oda, idadi, amelipa au hajalipa. Kwetu tisa walikuwa wamelipa kwa simu, watano walichagua kulipa mzigo ukifika.

Sasa swali gumu: mnafuta au mnameza hasara? Kipimo changu ni hiki. Je, mnunuzi mwaminifu angeweza kuiamini bei ile? Pasi ya 38,000 ikiandikwa 32,000, nani atajua ni kosa? Mpe kwa 32,000, shilingi 6,000 ni ndogo kuliko ugomvi. Lakini friji mpya kwa 48,000, bei ya pasi nzuri, inajieleza. Sisi tunainunua kwa jumla 415,000, kwa hiyo kila moja ingetutoa 367,000. Zilikuwa friji 17 kwenye oda zote, hasara ya 6,239,000, na stoo zilikuwamo sita tu.

Kesi inayotajwa sana ni ya Singapore. Mwaka 2003 tovuti moja ya huko iliuza printa za HP kwa dola 66 badala ya 3,854. Watu sita wakaagiza jumla ya printa 1,606, kisha wakashtaki oda zilipofutwa. Walishindwa, na rufaa yao ikakataliwa mwaka 2005, kwa sababu mahakama iliona walijua fika kuwa bei ile ni kosa. Msikimbilie kujificha nyuma ya kesi hiyo, lakini. Mwaka 2002 Kodak huko Uingereza iliweka kamera kwa pauni 100 badala ya 329, ikataka kufuta, mwishowe ikawauzia walioagiza kwa bei ile ile. Iliyowabana zaidi ni ile barua pepe ya kuthibitisha oda waliyokuwa wamewatumia wateja. Nendeni leo mkasome ujumbe ambao tovuti yenu inautuma yenyewe mtu akiagiza. Wetu ulisema "Oda yako imekubaliwa". Sasa unasema "Tumepokea oda yako, tutakuthibitishia kabla ya kutuma mzigo".

Hapa ndipo nilipoharibu. Kwa aibu, niliwaandikia wateja watatu wa kwanza kwamba friji zimeisha. Haikupita saa moja, dada mmoja wa Mwanza akanirudishia picha ya tovuti yetu: friji ile ile, ipo, kwa 480,000. "Kaka, imeisha au imepanda?" Sikuwa na jibu. Kosa la bei angelisamehe, ila sasa alikuwa ananiona tapeli. Na msiseme "mfumo ulisumbua" pia. Mfumo haukuandika 48,000, tuliandika sisi.

Baada ya hapo niligeuza utaratibu, nikaanza kurudisha pesa kabla ya kueleza chochote. Mtu ambaye pesa yake bado iko kwako husikia kila neno lako kama janja ya kuishikilia. Kuweni waangalifu na tovuti yenyewe. Sisi tunatumia WooCommerce, na pale kitufe kikisema "Refund manually", maana yake ni kwamba kinaandika tu kuwa umerudisha. Hakuna hata senti inayotoka. Pesa lazima uitume mwenyewe kwa namba iliyolipa, usome jina linalojitokeza kabla hujaweka namba ya siri, kisha uhifadhi namba ya muamala.

Tuma na ya kutolea. Mteja akirudishiwa 48,000 kamili halafu akakatwa kwa wakala, ameshalipia kosa lako. Na kuna lingine ambalo sikulifikiria: mmoja wao alikuwa amejazia malipo kwa Songesha. Pesa ilipomrudia, deni lilijikata hapo hapo pamoja na gharama yake. Akapiga simu kwa haki kabisa, akaonyesha makato, tukamfidia tofauti.

Ndipo unapiga simu, kisha unaacha ujumbe ili abaki na maandishi. Wangu ulikuwa hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Jana uliagiza friji kwetu kwa 48,000. Bei hiyo tuliikosea sisi wakati wa kuiandika, bei yake ni 480,000, hivyo hatutaweza kukuuzia kwa 48,000. Tunaomba radhi kwa kukupotezea muda. Pesa yako pamoja na ya kutolea tumeirudisha saa 3:10, muamala namba hii hapa. Ukiihitaji friji, tumekuwekea moja kwa 420,000 na usafiri juu yetu, hadi Ijumaa jioni. Usipoihitaji, huna haja ya kujibu."

Hiyo 420,000 haikutoka hewani. Ni bei tuliyonunulia pamoja na shilingi 5,000, na kwa kuwa usafiri ni wetu, hatupati faida. Mbadala wa haki ni ule ambao mteja mwingine wa kawaida hawezi kuupata siku hiyo. Ukimpunguzia 20,000 ambazo wiki jana ulimpunguzia kila mtu, atajua. Vivyo hivyo, usigeuze pesa yake kuwa vocha ya dukani bila ridhaa yake. Na msiahidi msichonacho: friji zilikuwa sita, kwa hiyo nilifuata saa ya oda, moja kwa kila mtu. Waliobaki niliwaambia wazi kuwa wao watasubiri mzigo unaofuata, bei ikiwa ile ile.

Wale watano ambao hawakuwa wamelipa, wapigieni pia. Nilikuwa nataka kuwafuta kimya kimya, lakini mmoja wao, mama wa Mbagala, alikuwa tayari ameshauza friji yake mbovu kwa fundi akisubiri bodaboda wetu.

Wanne walichukua kwa 420,000, yule mama akiwa wa kwanza. Tisa walishukuru au walinyamaza. Dada wa Mwanza hakununua. Aliandika tu, "Ungesema hivi tangu mwanzo."