Anasema "karibu siku yoyote", nikienda anashangaa

*Shikamoo shangazi. Nimehamia Dodoma kikazi kutoka Tanga, nakaa Ilazo, watu nnaowajua hapa ni wachache. Kuna dada nilisoma naye, kila tukikutana soko la Majengo ananikumbatia, "jamani karibu nyumbani siku yoyote, tutafutane." Siku nimeenda kweli bila kumwambia, kanipokea mlangoni kashika funguo anatoka, nikaona aibu. Sasa akisema tena nimuulize "lini?" au na mimi nijibu tu "tutafutane" yaishe?*

Marahaba mwanangu. "Lini?" usimuulize, hasa pale sokoni ana mfuko mkononi na bodaboda inamsubiri. Hapo utamlazimisha ataje siku ambayo hajaifikiria, akishaitaja atatafuta namna ya kuikwepa, na hapo ndo mtaanza kukimbiana kweli. Lile neno lake la jumla jumla liache hivyo hivyo. Halikuwa uongo, alikuwa anakuambia nakupenda na sina kinyongo na wewe, ila siku ya kukaa na wewe ndo alikuwa hajaipanga.

Hili jambo hata wataalamu wamelichunguza, mwaka 1990 Ellen Isaacs na Herbert Clark wa Marekani waliandika kuhusu mialiko ya namna hii, wakaona aliyealika na aliyealikwa kwa kawaida wote wanajua haijakusudiwa kuitikiwa. Dalili walizozitaja utazitambua mwenyewe: mtu hataji siku wala saa, na ukisita kidogo hakubembelezi. Mi naongezea ya kwetu, mtu anayekutaka kweli kwake anakuelekeza. Atakwambia shuka kituo fulani uliza duka la fulani, Jumapili baada ya ibada nakuwepo, namba yangu ni ile ile au nikupe mpya? Huyo rafiki yako katika mara zote hizo hajakuambia hata siku moja anayoshinda nyumbani.

Ila usichukue hii ukaipeleka kila mahali. Bibi wa kijijini huko Chamwino au Bahi akikwambia karibu wakati wowote anamaanisha wakati wowote, usipoenda ndo atauliza umekosana na nani. Mjini hapa mtu anatoka kazini Mtumba jioni kachoka, nyumba ya kupanga, watoto wana homuweki, mgeni wa ghafla anamkuta hata sukari hana, ndo maana ulimkuta na funguo mkononi. Na kwenye msiba au ugonjwa hizi habari za kualikwa hazipo kabisa, unaenda tu.

Sasa wewe una upweke, na "tutafutane" ya kujibizana haitakutoa humo, kwa hiyo hatua ya kwanza ichukue wewe lakini iwe ndogo na iwe rahisi kuikataa. Mkishaachana sokoni subiri siku mbili tatu umtumie meseji, usimpigie, maana kwenye simu anatakiwa ajibu hapo hapo. Mwandikie hivi: "Mambo dada, Jumamosi saa kumi jioni ntakuwa Nyerere Square napumzika kidogo, kama utakuwa mitaa hiyo tupate juisi, kama umebanwa wala usijali." Ona hapo kuna siku, kuna saa, sehemu ni ya wazi haimgharimu kupika wala kudeki, na mlango wa kutokea umeshamwachia.

Kisha soma jibu lake. Akija, vizuri. Akisema "Jumamosi siwezi, Jumapili je?" huyo anakutaka, maana kahangaika kutafuta siku nyingine mwenyewe. Akisema "nimebanwa jamani, tutapanga" akaishia hapo, mjibu "sawa kabisa dada" na usiongeze swali. Mwezi unaofuata unaweza kujaribu mara moja tena kwa sababu kweli watu hubanwa, ila jibu likija lile lile iache. Endelea kumkumbatia sokoni kama zamani, akisema karibu mwambie "asante sana dada, tuko pamoja", kwa moyo mweupe. Urafiki wa sokoni nao ni urafiki, wengine mi nawapenda miaka na miaka na sijawahi kukaa sebuleni kwao.

Kuhusu ile siku ya mlangoni, usimuombe radhi tena na tena, utamfanya ajione yeye ndo mbaya.

Na wewe ukitaka kumwalika mtu kweli, hata yule jirani wa Ilazo unayesalimiana naye asubuhi tu, mtajie siku toka mwanzo. Meseji za wikiendi zitume Jumanne au Jumatano, kwa sababu siku hizi wafanyakazi wengi hapa Ijumaa jioni wanapanda treni ya umeme kwenda Dar kwenye familia zao, ukimwandikia Ijumaa usiku utadhani kakukataa kumbe yuko Morogoro anasinzia kwenye siti.