Fungua poti ya gemu, ya kamera iache imefungwa

Msomaji mmoja ameandika kwamba amehangaika siku tatu na ruta yake. Amefungua poti 25565 ili watoto wacheze Minecraft na binamu zao walio mji mwingine, na amefungua 8000 ili aone kamera nne za nyumbani akiwa kazini. Zote mbili hazifanyi kazi. Anauliza amekosea wapi. Kwa poti ya kwanza nitamsaidia. Kwa ya pili, bahati imemwangukia, na asijaribu tena.

Tuanze na sababu ya kutofanya kazi, maana ndiyo inayowapotezea watu wengi muda. Ruta ya nyumbani ni kama mlinzi wa geti. Kompyuta iliyo ndani ikiomba kitu nje, mlinzi anakumbuka nani ameomba, na jibu likija analifikisha. Anayebisha kutoka nje bila kuitwa anarudishwa. Kufungua poti ni kumwachia mlinzi agizo la kudumu: yeyote atakayetaja namba 25565, mpeleke kwenye kompyuta ile, usimuulize kitu. Sasa kama nyumba yako iko ndani ya uzio mwingine wenye geti lake, agizo ulilompa mlinzi wako halifiki kwa yule wa nje.

Uzio huo wa nje ni wa mtoa huduma wako wa intaneti. Anwani za IP za mtindo wa zamani, IPv4, zimekwisha, kwa hiyo kampuni nyingi huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Mpango huu huitwa CGNAT, na kwa intaneti ya simu, pamoja na ruta za 4G na 5G, ndio wa kawaida. Kuupima ni kazi ya dakika mbili. Ingia kwenye ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1), tafuta ukurasa wa hali ya mtandao, na usome anwani iliyoandikwa WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Zikifanana, una anwani ya hadharani. Zikitofautiana, kuna geti jingine mbele yako. Anwani ya WAN inayoanza na 100.64 hadi 100.127 ni CGNAT bila shaka, kwa sababu fungu hilo lilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Ikianza na 192.168 au 10, huenda ni CGNAT pia, au kifaa cha faiba ukutani nacho kinafanya kazi ya ruta mbele ya ruta yako uliyonunua.

Msomaji wetu alituma namba yake: 100.72 na kuendelea. Angefungua poti mpaka mwaka ujao. Dawa ni kumpigia mtoa huduma na kuomba anwani ya hadharani, ambayo kwa kawaida huongezewa malipo ya mwezi. Asiyetaka kulipa ana njia nyingine, nitaigusa mwishoni.

Tuseme anwani imepatikana. Kompyuta ya gemu iko 192.168.1.50 na DVR, kifaa kinachorekodi picha za kamera, iko 192.168.1.60. Hatua ya kwanza ni kuzifunga anwani hizo zisibadilike, kwenye sehemu ya DHCP inayoitwa Address Reservation. Ukiiruka, umeme utakatika, ruta itawaka upya na kugawa anwani upya, na agizo la mlinzi litaelekeza wageni kwenye televisheni.

Kisha tafuta Port Forwarding, au Virtual Server kwa jina la ruta nyingine. Jaza poti ya nje 25565, poti ya ndani 25565, anwani 192.168.1.50, aina TCP. Hiyo ni Minecraft ya Java. Ile ya simu na konsoli, Bedrock, hutumia UDP 19132, na ukichagua TCP haitaitika kamwe. Kompyuta nayo ina faiawoli yake. Windows ikiuhesabu mtandao wako kuwa Public, inaweza kuzuia wageni hata kama ruta imewapitisha, kwa hiyo iruhusu seva hiyo kwa makusudi. Mwisho, jaribu kutoka nje: zima Wi-Fi kwenye simu, iwashie kompyuta nyingine intaneti kwa data ya simu, ndipo uingie kwenye gemu. Ukijaribu ndani ya nyumba kwa kutumia anwani ya hadharani, ruta nyingi hushindwa kujigeukia zenyewe, nawe utadhani umekosea kumbe umepatia.

Poti ikishafunguka, wageni wa kwanza hawatakuwa binamu. Mwaka 2013 watafiti walitoa programu ya ZMap, iliyoweza kubisha poti moja kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja yenye mtandao wa gigabiti moja. Kwa hiyo anayesema "nani atanijua mimi?" hajaelewa mchezo. Hakuna anayekutafuta wewe. Wanabisha kila mlango, na wako ukiwa wazi unaandikwa. Kubadili poti ya nje kutoka 25565 kwenda 40123 kunapunguza kelele, lakini wanaobisha poti zote watakufikia vilevile.

Kwa gemu hatari hiyo inabebeka ukirekebisha mistari michache ndani ya server.properties:

```
online-mode=true
white-list=true
enforce-whitelist=true
enable-rcon=false
```

Mstari wa kwanza ndio unaobeba mingine. Unamlazimu kila mchezaji athibitishwe na seva za wenye gemu kwamba jina ni lake. Ukiuweka false ili wenye nakala zisizolipiwa waingie, orodha ya walioruhusiwa inakuwa pambo, kwa sababu mtu yeyote anaweza kujiita kwa jina la mwanao, au kwa jina la msimamizi, akapewa madaraka yote. Najua wengi hufanya hivyo. Ni nyumba yenye kufuli isiyo na mlango. Baada ya hapo ongeza wachezaji mmoja mmoja kwa amri ya `whitelist add` ikifuatiwa na jina.

Usiiwashe seva kwa akaunti ya msimamizi wa kompyuta, na usikae na toleo la zamani. Desemba 2021 lilijulikana kosa lililoitwa Log4Shell kwenye maktaba ya Java iliyotumiwa na Minecraft. Mtu aliandika mstari mmoja tu kwenye gumzo la gemu, na kompyuta yenye seva ikapakua na kuendesha programu yake. Toleo 1.18.1 lilikuja na dawa. Seva za toleo 1.7 hadi 1.18 ambazo hazikuzibwa bado ziko wazi kwa kosa hilo, na ndizo watu huzipakua wakitafuta "toleo jepesi".

Sasa kamera. Tofauti yake na gemu si kwamba picha ni siri, ingawa ni siri. DVR ni kompyuta ndogo ya Linux ambayo aghalabu hakuna anayeisasisha tangu fundi alipoifunga ukutani. Nenosiri lake pengine ni lile alilozoea fundi, na hata likiwa refu haliokoi kila wakati. Kosa lililotangazwa Septemba 2021 kwenye vifaa vingi vya Hikvision, CVE-2021-36260, lilimruhusu mtu wa nje kuendesha amri ndani ya kifaa bila nenosiri lolote. Alichohitaji ni kuufikia ukurasa wake wa wavuti. Poti iliyofunguliwa ndiyo ilimpa nafasi hiyo.

Na anayeingia mara nyingi hatazami sebule yako. Mwaka 2016 programu ya Mirai iliteka kamera, DVR na ruta kwa maelfu mengi kwa kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri yapatayo sitini ya kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo viliielemea Dyn, kampuni iliyoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na tovuti kubwa za Marekani zikapotea hewani kwa saa kadhaa. Waliotunga Mirai walikuwa vijana waliotoka kwenye biashara ya seva za Minecraft, na miongoni mwa shabaha zao za mwanzo zilikuwa seva hizohizo. Yaani kamera ya jirani iliangusha gemu ya jirani.

Kwa hiyo DVR haipewi poti. Unaweka WireGuard, programu ya VPN inayochimba handaki la siri kati ya simu na nyumba, na unafungua poti yake moja, UDP 51820, kuelekea kompyuta inayowaka muda wote, au kwenye ruta yenyewe kama ina huduma hiyo. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, hata kwa kumkatalia. Anayebisha haoni tofauti kati yake na ukuta. Kwenye simu mpangilio unakuwa hivi:

```
[Interface]
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SIMU
Address = 10.8.0.2/32

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_NYUMBANI
Endpoint = ANWANI_YA_HADHARANI:51820
AllowedIPs = 192.168.1.60/32
PersistentKeepalive = 25
```

AllowedIPs hapo inaipeleka simu kwenye DVR tu, na mengine yote yanapita kwenye bando kama kawaida, kwa hiyo video za mtandaoni hazizungushwi nyumbani kwanza. Kwenye kompyuta ya nyumbani, ikiwa ya Linux, washa `net.ipv4.ip_forward=1` na uiruhusu ibadilishe anwani ya simu kuwa yake, la sivyo DVR itapokea ombi kutoka 10.8.0.2 na kulijibu kwa ruta, ambayo haijui 10.8.0.2 iko wapi. Dalili yake ni kwamba WireGuard inaonyesha imeunganika lakini picha haiji.

Aliyekwama kwenye CGNAT atumie huduma kama Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard. Simu na kompyuta ya nyumbani zote mbili huanza mawasiliano kutoka ndani kwenda nje, hivyo hakuna poti ya kufunguliwa. Kuskani msimbo wa QR wa mtengenezaji wa DVR nako hakufungui poti, ila unamkabidhi mtengenezaji geti.

Kabla ya kutoka kwenye kurasa za ruta, zima UPnP. Ni huduma inayoviruhusu vifaa vijifungulie poti vyenyewe, na DVR nyingi huitumia bila kukuuliza. Kisha ukiwa nje, kwa data ya simu, kwenye kompyuta yenye nmap, programu ya kupima poti, piga:

```
nmap -Pn -p 25565,80,554,8000,37777 ANWANI_YAKO
```

25565 iseme open. Nyingine zote, ambazo ni za DVR, ziseme filtered au closed. Ikitokea 8000, 554 au 37777 iko open na wewe hukuifungua, angalia kama UPnP imezimika kweli, washa ruta upya, pima tena. DVR iliyokuwa wazi kwa muda usiishie kuizima na kuiwasha: Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu na kuwasha upya kuliifuta, lakini kifaa kilichobaki wazi kiliweza kutekwa tena ndani ya dakika chache. Funga poti kwanza, weka programu mpya kutoka kwa mtengenezaji, rudisha mipangilio ya kiwandani, ndipo uandike nenosiri jipya.