Usinunue redio mpya: futa kwanza pande zote mbili

"Wadau, redio ya gari inaonyesha namba tu, majina hayatokei, na simu zingine zinakatika. Fundi wa hapa Nakuru anasema ninunue redio mpya. Ipi nzuri?"

Ndugu, rudisha pesa mfukoni. Fundi wa aina hiyo alinifanya ninunue redio mpya, na majina hayakutokea hata humo, kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye simu. Inaniuma kuona mwingine anaambiwa hivyo hivyo.

Sauti na namba ya anayepiga hupita njia moja ya Bluetooth, HFP. Majina hupita njia nyingine, PBAP, na simu haiifungui bila ruhusa yako. Ndiyo maana unaweza kuongea huku majina hayaonekani. Ruhusa huombwa mnapounganisha mara ya kwanza: kidirisha kinatokea kwenye simu, mwenye haraka anakataa, na simu inashika jibu hilo. Hata redio mpya ukiikatalia, utaona namba tu.

Kwa hivyo futa pande zote mbili. Ondoa simu kwenye orodha ya redio, kisha ondoa redio kwenye Bluetooth ya simu. Ukifuta upande mmoja tu, ule mwingine unabaki na ufunguo wa zamani na mara nyingi unagoma kuungana. Zima redio, iwashe, unganisha upya gari likiwa limesimama na kioo cha simu kikiwa wazi, na ukubali ombi la majina. Kwenye iPhone, ingia Settings, Bluetooth, gusa (i) kando ya jina la redio, uwashe Sync Contacts. Kwenye Android, gusa alama ya gia kando ya jina hilo. Swichi huitwa Contacts au Contact sharing, kulingana na simu. Majina yakiwa mengi, ipe dakika chache kabla ya kulaumu.

Sasa fungua kitabu cha majina kwenye redio yenyewe. Kikiwa kimejaa lakini anayepiga bado anaonekana kwa namba, tatizo ni jinsi ulivyohifadhi. Baadhi ya redio hulinganisha namba nzima: wewe umeandika 07, simu inaingia na +2547, redio inaona watu wawili. Hifadhi mtu mmoja kwa +254, unganisha tena, kisha akupigie. Likitokea jina, umejua la kufanya na wengine.

Kitabu kikibaki tupu na swichi imewashwa, huenda redio haina PBAP. Zile za zamani zilizokuja na magari ya Japani, nyingine hutaka utume majina moja moja kutoka kwenye simu. Hapo ndipo neno la redio mpya linaanza kuwa na maana, na kabla ya kulipa, muuzaji aiunganishe na simu yako mwenyewe mbele yako, mwone majina yakiingia.