Pongezi kwa kikundi kilichoshinda zabuni ya kwanza: pongeza kazi, pesa bado haijaingia

"Kikundi cha kina mama ambacho dada yangu ni mwanachama kimeshinda zabuni ya kukiuzia chuo sabuni ya maji kwa mwaka mzima. Hawajawahi kuuzia taasisi yoyote. Nimeombwa niwaandikie barua ya pongezi na niseme maneno mawili matatu watakapokutana. Sitaki niishie kwenye 'hongereni, kazi nzuri'. Mliowahi kupongezwa hivyo, mlitamani kuambiwa nini?"

Kwanza wafikishie hongera zangu. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanawake 14, nasi tuliuza sabuni ya maji, na taasisi iliyotupa mkataba wetu wa kwanza ilikuwa na stoo, mhasibu na kamati ya kupokea mizigo kama watakavyokutana nayo hao wa dada yako. Tulipongezwa sana. Ukiniuliza leo ni maneno gani nayakumbuka, hayafiki matatu. Ila madhara ya pongezi zile nayakumbuka yote.

Shida ilianzia hapa: kila aliyetupongeza alizungumza kana kwamba tumeshalipwa. "Sasa mmetoka!" "Sasa tutakopa kwenu!" Ukisikia hivyo mara ishirini kwa wiki moja, unaanza kuamini. Mwanachama anarudi nyumbani, mume anauliza mgawo wake uko wapi. Shemeji anakuja na ombi la ada. Sisi wenyewe tukaamua kushona sare na kufanya tafrija siku ya kutia saini, tukachota kwenye mtaji. Nilisaini fomu ya kutoa hizo pesa kwa mkono wangu, simlaumu mtu.

Sasa nikuonyeshe hesabu ilivyokwenda, maana bila hesabu hii barua yako haitakuwa na mahali pa kusimama. Mkataba ulitaka madumu 20 ya lita 20 kila mwezi, yaani lita 400, na malipo yafanyike ndani ya siku 30 tangu ankara ipokelewe. Tulikuwa na mtaji wa kununua malighafi na vifungashio vya madumu 30. Tafrija na sare zikala theluthi moja, ukabaki mtaji wa madumu 20, sawasawa na mzigo wa kwanza na si zaidi.

Mzigo wa kwanza tuliupeleka wiki ya kwanza. Ankara tukaipeleka siku ileile, tukahesabu siku 30 kwenye kalenda ya ukutani. Wiki ya tatu tukaambiwa ankara imerudishwa, haina namba ya oda. Tukaandika nyingine. Hiyo nayo ikakaa kwa sababu hati ya kupokelea mzigo ilikuwa na saini ya mtunza stoo peke yake, ya kamati haikuwepo, na mjumbe mmoja wa kamati alikuwa likizo. Zile siku 30 zikaanza kuhesabiwa upya siku karatasi zote tatu zilipokaa pamoja mezani kwa mhasibu: oda, hati ya kupokelea, ankara, zote zikitaja idadi ileile na bei ileile. Pesa iliingia wiki ya 12. Kufikia hapo tulikuwa tumeshapeleka mzigo wa wiki ya 1, wa wiki ya 5 na wa wiki ya 9. Madumu 60 yametoka, hakuna tulicholipwa. Mtaji wa madumu 20 ulibeba mzigo mmoja tu. Miwili iliyofuata tuliibeba kwa kukopa kwenye akiba za wanachama, na kuna wawili waliondoka kwa sababu hiyo.

Hakuna aliyetudhulumu. Taasisi ilifuata utaratibu wake. Sisi ndio tulidhani kushinda zabuni ni kulipwa.

Kwa hiyo katika barua yako, pongeza kile walichokwisha kukifanya, ambacho ni kingi na ni chao kabisa. Ulizia kwa dada yako kabla hujaandika. Nani alikesha na jedwali la bei? Kupanga bei ya mwaka mzima ni kazi ngumu kuliko kupika sabuni, kwa sababu unaahidi bei moja huku bei ya malighafi ikipanda na kushuka. Nani alifuatilia cheti cha usajili na kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi? Nani alipeleka sampuli, na ilirudishwa mara ngapi? Yetu ilirudishwa mara moja kwa kuwa nyepesi. Chumvi huongeza uzito wa sabuni mpaka kiwango fulani, ukizidisha inageuka maji tena, na yule mama aliyekuwa akiongeza chumvi kidogo kidogo kwenye ndoo ndogo na kuandika vipimo kwenye daftari ndiye aliyetupatia mkataba ule. Hakuna hotuba hata moja iliyomtaja. Mwenyekiti alitajwa mara nyingi mpaka yeye mwenyewe akaona haya.

Tumia majina, basi, au angalau taja kazi moja moja ili mwenye kazi yake ajijue. Barua iandikie kikundi kizima na si mwenyekiti. Na usitaje thamani ya mkataba, hata kama unaijua. Kile kiasi kikubwa kilichoandikwa kwenye mkataba ni mauzo ya mwaka mzima kabla ya kutoa malighafi, madumu, usafiri na kila kitu. Ukikisoma mbele ya watu, kila msikilizaji atakigawa kwa idadi ya wanachama papo hapo kichwani, na hilo jibu la uongo ndilo litakalomfuata dada yako mpaka nyumbani. Tena mikataba mingi ya namna hii inataja makadirio tu, na taasisi inanunua kwa oda. Oda isipotoka, hakuna mauzo. Wasinunue malighafi ya miezi mitatu kwa sababu tu mkataba umesema mwaka.

Barua ningeiandika hivi, wewe badilisha kulingana na utakachoambiwa:

"Kina mama, hongereni. Nimeambiwa jinsi sampuli ya kwanza ilivyorudishwa na jinsi mlivyorudia vipimo mpaka ikakubaliwa. Nimeambiwa pia kuhusu mwenzenu aliyekwenda kufuatilia cheti mara nne bila kudai nauli. Chuo kimewachagua kwa sababu bei yenu ilikamilika, karatasi zenu zilikamilika na sabuni yenu ilisimama. Najua kazi ya kupeleka mzigo ndiyo inaanza na malipo yana safari yake. Sitawaomba karamu. Siku malipo ya kwanza yatakapoingia nitakuja kuwapongeza tena, na siku hiyo nitakuja na soda."

Ile sentensi ya "malipo yana safari yake" usiiache. Ikisemwa na mtu wa nje, mbele ya waume na ndugu walioalikwa, inawapa wanachama kitu cha kushika wakiombwa pesa. Mweka hazina akisema mwenyewe anaonekana mchoyo. Nilionekana hivyo.

Kwenye maneno ya kuzungumza, fupisha. Dakika tatu zinatosha. Nawaomba tu wasemaji waache ule mtindo wa kuwaambia wanawake kwamba "wameonyesha kuwa wanaweza". Chuo hakikununua mfano wa kuigwa, kimenunua sabuni. Ukisema sabuni yao ilikuwa nzuri kuliko za wengine umewaheshimu zaidi.

Kama una uwezo wa kuongeza kitu juu ya maneno, usilete keki wala fulana. Nikueleze kilichotupata kwenye mzigo wa pili. Tulipika jioni na kujaza madumu usiku uleule, sabuni ikiwa bado na mapovu. Madumu yalionekana yamejaa mpaka shingoni. Asubuhi mapovu yalikuwa yameshuka, hatukufungua kuangalia, tukapakia. Mtunza stoo akafungua matatu mbele ya kamati, yote yalipungua karibu lita nzima. Mzigo wote ukarudi, na tukalipa usafiri mara mbili. Hakuna aliyetaka kuiba, ila pale mlangoni kwa stoo ukisema "ni mapovu" nani atakuamini? Tangu siku hiyo sabuni ilikuwa inalala kwenye pipa usiku kucha, tunajaza asubuhi, na kila dumu linapimwa kwa kilo. Lita ya sabuni ya maji inazidi kilo moja kidogo tu. Unajaza dumu moja lita 20 kamili kwa kipimo cha uhakika, unalipima, na kilo hizo ndizo kipimo cha mengine yote yanayotoka kwenye pipa hilo. Pungufu inaonekana hata kabla ya kifuniko.

Mizani tuliipataje? Aliileta mzee mmoja jirani aliyekuwa ameacha biashara ya nafaka. Alikuja wiki mbili baada ya tafrija, ambayo hakuhudhuria, akaiweka kibarazani na faili moja la kuwekea karatasi, lile lenye vigawanyio. Akasema, "Kila mzigo na karatasi zake tatu, msichanganye," akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Kati ya pongezi zote tulizopokea, hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kila mwezi.

Wewe ukikosa mizani, nenda na faili. Na kama kazi yako inakupa nafasi, jitolee kusoma ankara yao ya kwanza kabla haijapelekwa: namba ya oda ipo, jina la kikundi limeandikwa kama lilivyo benki, idadi inalingana na iliyo kwenye hati ya kupokelea, na hati hiyo ina saini zote na siyo ya mtunza stoo tu. Ni robo saa ya kazi. Sisi ilitugharimu wiki saba.