Wimbo uko wapi ndani ya ampli ya klasi D?

"Kama transista zinawaka na kuzimika tu, muziki unatoka wapi kwenye bafle?"

Ndugu yangu, muziki umo katika muda wa kuwaka. Chukua ampli ya ±30 V inayopiga mara 400,000 kwa sekunde. Transista ya juu, ya +30 V, ikiwaka robo tatu ya kila pigo, na ya chini, ya -30 V, robo iliyobaki, wastani ni +15 V. Nusu kwa nusu, sifuri. Wastani huo unaopanda na kushuka ndio wimbo. Kabla ya bafle, bobine ya 22 µH na kondansateri ya 0.68 µF huanza kukata karibu na 41 kHz: sauti inapita, mapigo yanapungua karibu mara mia.

Hapa Goma nilikuta bobine imebadilishwa kwa yenye kiini kidogo mno. Besi ikipanda, kiini kilishiba sumaku, bobine ikachemka, sauti ikakwaruza.