Mstari ulioandikwa "Vifaa tiba": nilivyoifungua bili ya hospitali hadi ndani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiwa bado amekaa kwenye ukumbi wa malipo wa hospitali, mama yake amekwisha kuruhusiwa, na bili iliyo mkononi mwake ina mistari sita tu. Mmoja umeandikwa "Dawa", mwingine "Vifaa tiba", na wa mwisho "Huduma nyinginezo", na huo wa mwisho ulikuwa mkubwa kuliko gharama ya kitanda. Aliniuliza kama ana haki ya kuuliza zaidi ya hapo, kwa sababu keshia alimwambia kwamba mfumo ndivyo unavyotoa. Nilimjibu papo hapo kwamba aombe mchanganuo, kisha nikakaa muda mrefu nikiwaza, kwa kuwa swali lake lilinirudisha mahali ambapo bado panauma.

Miaka kadhaa iliyopita nililipa bili ya marehemu baba bila kuuliza neno. Ilikuwa na mistari ya namna hiyohiyo, nami nilikuwa nimechoka, nilikuwa na huzuni, na niliona aibu kuonekana ninabishania fedha wakati mwili wa baba haujatoka. Sitajua kamwe nililipia nini. Kwa hiyo mwanangu alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, niliapa kwamba safari hii kila mstari utafunguliwa, na ninasema kwa fahari kwamba ulifunguliwa.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba bili anayopewa mgonjwa dirishani kwa kawaida ni muhtasari. Nyuma yake kuna orodha ndefu ambayo kila idara imeingiza vitu vyake: duka la dawa, maabara, chumba cha upasuaji, wodi. Orodha hiyo ipo, kwa maana bila hiyo ule muhtasari usingejumlishwa, na hata kampuni ya bima ina njia ya kuidai. Keshia anaposema mfumo hautoi, mara nyingi ana maana kwamba skrini yake yeye haitoi. Ombi lipelekwe ofisi ya bili au kwa mhasibu wa wagonjwa waliolazwa, na lipelekwe kwa maandishi. Mimi niliandika hivi:

"Naomba mchanganuo kamili wa bili namba fulani, unaoonyesha kwa kila kipengele tarehe, jina na msimbo wa huduma, idadi, bei ya kimoja na jumla. Naomba pia nakala ya chati ya dawa, taarifa ya upasuaji na muhtasari wa kuruhusiwa."

Ile sentensi ya pili ndiyo iliyoniokoa, na ndiyo ambayo watu wengi huisahau. Mchanganuo peke yake unakuonyesha ulichotozwa tu. Chati ya dawa, ambayo muuguzi huandika saa na kuweka saini kila anapotoa dozi, ndiyo inayoonyesha mgonjwa alichopewa. Makosa hukaa kati ya karatasi hizo mbili, na asiyekuwa nazo zote mbili atabaki kulalamika kwamba bili ni kubwa, lalamiko ambalo ofisi ya bili imelizoea na halina jibu. Kwa kuwa mwanangu ni mtoto, nilitia saini kama mzazi. Kwa mgonjwa mtu mzima, hospitali itataka idhini yake mwenyewe, hivyo ni vyema mgonjwa aandike kabisa nani aruhusiwe kupewa nakala.

Mchanganuo ulipotoka, mstari wa "Dawa" ulikuwa na metronidazoli ya mshipa, chupa 9. Nilichukua chati na kalamu, nikaanza kuhesabu. Dozi ya kwanza ilitolewa Jumatatu saa 4 usiku, mara tu baada ya kulazwa. Kwa kuwa iliandikwa kila baada ya saa 8, zilizofuata zilikuwa Jumanne saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, kisha Jumatano saa 12 asubuhi. Hapo daktari alichora mstari kwenye chati na kuandika kwamba kuanzia mchana atumie vidonge. Jumla ni dozi 5, na kila dozi ni chupa 1. Chupa 4 hazikuwahi kuingia mwilini mwa mwanangu.

Hapakuwa na wizi, na ninaeleza hili ili wasomaji wangu wasiende dirishani na maneno ya kushutumu. Duka la dawa lilitoa dawa za siku tatu kwa mkupuo, chupa 3 kwa siku, na mfumo ukatoza zilipotoka rafuni. Dawa ilipobadilishwa, wodi ilizirudisha zile 4, lakini hakuna aliyeingiza marejesho kwenye bili. Muuguzi mkuu alifungua daftari la marejesho mbele yangu, akaweka kidole kwenye mstari wenye jina la mwanangu: chupa 4, zimepokelewa, saini mbili. Nilipoona zile saini nilihisi mwili wote umepoa. Kwa hiyo, popote unapoona dawa ya mshipa, tafuta siku ambayo mgonjwa alihamishiwa vidonge, na utafute dawa iliyobadilishwa kwa sababu ya madhara au majibu ya maabara. Hapo ndipo chupa hubaki.

Mstari wa "Vifaa tiba" ulikuwa na shida nyingine. Ulikuwa na "seti ya upasuaji, 1", na chini yake, tarehe ileile, glavu tasa jozi 6 na shuka tasa 4. Seti ya upasuaji ni furushi lililofungwa tayari, na bei yake inajumuisha vilivyomo. Niliuliza swali moja tu: naomba orodha ya vilivyomo ndani ya seti hiyo. Orodha ilikuja siku ya pili, na ndani yake mlikuwa na shuka zote 4 na jozi 4 za glavu. Jozi 2 zilizosalia zilikuwa za ziada kwelikweli, na taarifa ya upasuaji ilieleza kwamba daktari na msaidizi wake walibadilisha glavu kabla ya kufunga kidonda. Nikazikubali bila ubishi. Ukitaka usikilizwe kwenye kosa, ukubali mbele ya watu kile ambacho ni halali.

Na mengine yalikuwa halali. "Huduma nyinginezo", mstari ulionitia hasira kuliko yote, ulifunguka ukawa oksijeni na kipimo cha mwenendo wa moyo katika chumba cha kuzindukia, kwa muda wa saa 2, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye taarifa ya ganzi. Kwa kitanda nilishindwa. Mwanangu alilala usiku tatu, tukatozwa siku nne, kwa sababu tulitoka alasiri ya Alhamisi ingawa daktari alitia saini saa 3 asubuhi. Saa zote hizo tulikuwa tukisubiri idhini ya bima. Fomu ya kulazwa, yenye saini yangu mwenyewe, ilisema kwamba anayetoka baada ya saa 6 mchana anatozwa siku nzima. Hilo bado linanikera, na ndiyo maana nawasihi msome ile fomu kabla ya kutia saini, hata kama mgonjwa analia.

Nikaingia upande wa bima, nikidhani kazi imekwisha. Bima walikuwa wamekataa kulipia upasuaji wenyewe. Sababu iliyotolewa ilikuwa maneno manne: "utambuzi haulingani na huduma".

Hapa wengi hukata tamaa na kulipa, kwa kudhani kwamba kukataliwa kuna maana ya kutofunikwa. Kuna aina mbili za kukataliwa, na sharti uzitofautishe. Aina ya kwanza ni ya mkataba: huduma imetajwa kwenye orodha ya visivyolipwa, au kikomo cha mwaka kimeisha, au kipindi cha kusubiri hakijapita. Hii huthibitishwa kwa kufungua mkataba wa bima wenyewe, ukurasa wa mafao na ukurasa wa yasiyofunikwa, maana kile kijitabu chenye picha hakitaji kila kitu. Aina ya pili ni ya makaratasi: idhini ya awali haikuambatishwa, jina limekosewa, au msimbo wa ugonjwa hauendani na tiba. Ya kwanza ni ngumu kuipindua. Ya pili hurekebishwa, mradi madai yarudishwe kabla ya muda wake kupita.

Yetu ilikuwa ya pili. Magonjwa huandikwa kwenye madai kwa misimbo ya Shirika la Afya Duniani, na nilipoomba nakala ya fomu ya madai nilikuta imeandikwa R10.4, yaani maumivu ya tumbo yasiyobainishwa. Huo ndio msimbo aliopewa mwanangu usiku ule alipopokelewa akiwa amejikunja. Baada ya upasuaji utambuzi ulikuwa uvimbe mkali wa kidole tumbo, ambao msimbo wake ni K35.8, lakini hakuna aliyeubadilisha kwenye fomu. Mkaguzi wa bima aliona mtu aliyefanyiwa upasuaji kwa maumivu ya tumbo tu, akakataa. Muhtasari wa kuruhusiwa, ile karatasi niliyoiomba mwanzoni, ulikuwa na utambuzi wa mwisho ulioandikwa wazi. Daktari alirekebisha fomu na kutia saini. Hospitali, ambayo ndiyo yenye kutuma madai, ikayatuma upya pamoja na taarifa ya upasuaji, nami nikawapigia bima nikachukua namba ya kumbukumbu na jina la aliyepokea. Madai yakalipwa, ukiondoa asilimia 10 ambayo kwa mkataba wetu hulipwa na mgonjwa mwenyewe.

Nanyi wapendwa, nawaomba msitie saini fomu ya madai iliyo tupu, hata mkiambiwa kwamba itajazwa baadaye. Na ikiwa mnalazimika kulipa ili mgonjwa atoke, lipeni kisha andikeni kwenye nakala yenu na ya kwao kwamba mnalipa huku mkiendelea kuhoji vipengele fulani, mkivitaja. Marekebisho yakikubaliwa, daini bili mpya iliyorekebishwa, na muipeleke bima pia, kwa kuwa ile asilimia yenu hukokotolewa kutokana na jumla, na jumla ikishuka, nayo hushuka. Mimi nilisahau hilo, nikarudi mara ya tatu.

Msomaji wangu amenijibu jana. Mstari wa "Huduma nyinginezo" umefunguka kuwa vipengele 17, na kimojawapo, kipimo cha damu, kimeandikwa mara mbili kwa tarehe moja. Nimemshauri aombe majibu yote mawili ya maabara aangalie saa zake, kwa sababu wakati mwingine kipimo hurudiwa kwa haki ili kufuatilia hali ya mgonjwa, na wakati mwingine hurudiwa kwa sababu sampuli ya kwanza iliharibika, na hiyo ya pili haimhusu mama yake kuilipia. Leo asubuhi amekwenda maabara.